Naomba ushauri: hadithi yangu ya Kifaransa ya ufunguo uliopotea shuleni, nyakati zilizopita zimenichanganya

Neema_Moro:
Habari zenu wakuu. Nasoma Kifaransa darasa la jioni hapa Morogoro, huu ni mwaka wa pili. Tumepewa kazi ya kuandika hadithi fupi ya fumbo, maneno kama 200, na yote yawe yamekwisha kutokea. Yangu inatokea kwenye shule ya kijiji huko Ufaransa. Mwalimu anafika asubuhi, ufunguo wa kabati la darasani haupo. Anamshuku mwanafunzi mmoja, Julien. Mwishoni unapatikana kwenye mfuko wa koti la kazi la mwalimu mwenyewe, lililokuwa limetundikwa chini ya msumari wa ufunguo. Uliteleza ukadondokea humo, hakuna aliyeiba.

Mwalimu wetu amenirudishia karatasi na maneno haya pembeni: "Sijui lipi lilianza na lipi lilifuata." Nimesoma mara tano sioni kosa. Kipande chenyewe ni hiki:

*Mardi matin, Madame Rose est arrivée à l'école. Il a fait froid et la cour a été vide. Elle a cherché la clé de l'armoire. Elle a vu une blouse grise sous le clou. La clé est disparue. Hier soir, Madame Rose a fermé l'armoire et Julien est parti.*

Nisaidieni, natakiwa kuirudisha Alhamisi.

Jumanne_K:
Dada Neema, hilo ni jepesi. Kitendo kirefu kinachukua ile yenye *-ait*, kifupi kinachukua *a* au *est*. Baridi ilikuwepo asubuhi nzima, kwa hiyo *il faisait froid*. Uwanja ulikuwa mtupu muda wote, *la cour était vide*. Kufika ni mara moja tu, *est arrivée*, hapo uko sawa. Pitia sentensi zote kwa kipimo hicho utamaliza.

Mkuu_wa_Shule_Vijijini:
Poleni sana na tatizo la ufunguo. Mimi ni mwalimu mkuu na hili lilinikuta mwaka juzi, ufunguo wa stoo ulipotea siku ya kugawa vitabu, watoto wamesimama kwenye jua. Ushauri wangu, usimtuhumu mtoto yeyote kabla hujauliza mlinzi na mpishi. Badilisheni kitasa, na ufunguo wa akiba ukae kwa mwenyekiti wa kamati ya shule.

Neema_Moro:
Shikamoo mwalimu. Ni hadithi tu, shule haipo. Ila hilo la kutomtuhumu mtoto limenigusa, maana Madame Rose ndilo kosa analofanya.

@Jumanne_K asante. Baridi na uwanja nimevibadilisha. Sasa "akautafuta ufunguo", na aliutafuta kwa muda mrefu, niandike *elle cherchait*?

Bi_Salma_Tanga:
Neema mwanangu, hapo ndipo kipimo cha Jumanne kinapokwama. Kwenye baridi na uwanja majibu yake ni sahihi, lakini sababu siyo urefu. Tazama hii: *Elle a cherché la clé pendant trois heures.* Saa tatu nzima, na bado ni *a cherché*. Anayesimulia amelifunga tukio, lina mwanzo na mwisho, na hadithi inasogea mbele.

Nimefundisha Kifaransa miaka mingi. Wanafunzi wetu nawaambia watumie kitu ambacho tayari wanacho mdomoni, yaani *-ka-*. Simulia hadithi yako kwa Kiswahili kama unavyomsimulia mdogo wako. "Madame Rose alifika shuleni, akafungua darasa, akanyoosha mkono, akautafuta ufunguo." Kila kinachokubali *-ka-* kinaisogeza hadithi, nacho ni *a cherché, a ouvert, est entrée*. Sasa jaribu "kukawa na baridi, uwanja ukawa mtupu". Umeona? Umesema baridi ilianza baada ya yeye kufika, na watu wakatoka uwanjani. Hukukusudia hivyo. Kwa hiyo hapo ni *il faisait froid, la cour était vide*.

Ukitaka kuona hofu ya mwalimu inavyobadilika, linganisha "alikuwa na hofu" na "akaingiwa na hofu". Ya kwanza ni *elle avait peur*, ya pili ni *elle a eu peur*. Hofu ni ile ile, lakini ya pili imetokea mbele ya macho yetu, pengine kwa sababu ameona msumari hauna kitu.

Jumanne_K:
Nimekuelewa Bi Salma. Mimi nilifundishwa hivyo hivyo, kirefu na kifupi, na nimepita nayo mitihani.

Bi_Salma_Tanga:
Itakuvusha mara nyingi, sikatai. Itakuangusha siku utakayoandika kwamba mtu aliishi kijijini miaka ishirini.

Neema, turudi kwenye maneno ya mwalimu wako. Soma sentensi zako kwa *-ka-* kama ulivyoziandika: "Alifika, akautafuta ufunguo, akaona koti, akafunga kabati, Julien akaondoka." Umemfanya Madame Rose afunge kabati Jumanne, baada ya ufunguo kupotea! Neno *hier soir* linajaribu kuturudisha nyuma lakini kitenzi hakirudi nalo. Kwa Kiswahili ungesema "alikuwa amefunga kabati". Kifaransa kina mlango huo huo, *elle avait fermé l'armoire*. Na kwa kuwa tuko ndani ya hadithi iliyokwisha kutokea, *hier soir* haikai, maana hiyo ni jana ya mimi ninayeandika leo. Jana ya Madame Rose ni *la veille au soir*.

Kwenye hadithi ya fumbo jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu kitenzi ndicho kinachomtia mtu hatiani. Angalia kabati moja na mtoto mmoja:

*Quand Julien est parti, elle fermait l'armoire.* Julien alipoondoka, mwalimu alikuwa akifunga. Ufunguo uko mkononi mwake, mtoto hawezi kuuchukua. Ameokoka.

*Quand Julien est parti, elle a fermé l'armoire.* Mtoto alitoka, ndipo mwalimu akafunga. Hapo pia hana kosa, na pengine mwalimu alibaki peke yake.

*Quand Julien est parti, elle avait déjà fermé l'armoire.* Alikuwa ameshafunga. Ufunguo ulikuwa tayari kwenye msumari, na mtoto bado yumo darasani. Sasa msomaji anamtazama Julien.

Kama unataka msomaji amshuku Julien kama Madame Rose anavyomshuku, unahitaji hiyo ya tatu.

Neema_Moro:
Bi Salma, nimesoma hizo sentensi tatu kwa sauti hapa nyumbani mpaka dada yangu akauliza Julien ni nani. Kumbe mimi mwenyewe sikuwa nimeamua mtoto alitoka saa ngapi! Nilidhani ni kosa la sarufi, kumbe hadithi yenyewe ilikuwa na pengo.

Swali la koti. "Akaona koti" inakubali *-ka-*, kwa hiyo *elle a vu une blouse grise* iko sawa?

Bi_Salma_Tanga:
Kisarufi iko sawa kabisa. Ila umeliharibu fumbo. Ukisema "akaona koti", umesimamisha kila kitu na kumwelekeza msomaji kwa kidole. Atajiuliza kwa nini ameonyeshwa koti, na kabla ya mstari wa mwisho atakuwa ameshapeleka mkono mfukoni.

Koti lipeleke kule kwenye baridi na uwanja mtupu, *une blouse grise pendait près du tableau*. Likining'inia hapo pamoja na viti na ubao, msomaji atalipita kama anavyopita pambo la ukutani. Amelisoma, huwezi kulaumiwa kuwa umemficha, lakini hakulishika. Kwa Kifaransa, mahali pazuri pa kuficha dalili ni ndani ya *-ait*.

Na kosa dogo, *la clé est disparue*. Andika *la clé avait disparu*, kwa *avoir*, bila *e* mwishoni. Mwisho wa hadithi, utakaposema ufunguo ulikuwa umeanguka mfukoni, ni *elle était tombée dans la poche*, na hapo *e* inarudi kwa sababu *tomber* kinakwenda na *être* na *clé* ni jina la kike.

Mrundi_wa_Buja:
Amahoro. Sisi huku Bujumbura shuleni tulizoea kusoma hadithi zenye *elle ouvrit, elle entra, elle chercha*. Kwangu mimi hadithi yenye *elle a ouvert* inasikika kama mtu anayeripoti polisi. Kwa nini Neema asiandike kama vitabu vinavyoandika?

Bi_Salma_Tanga:
Ndugu yangu, anaweza. Ile *-ait* na ile *avait* hazibadiliki, zinakaa zilipo, na vile vya *-ka-* ndivyo vinavyogeuka kuwa *ouvrit, entra, chercha*. Wasiwasi wangu ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili akianza na *ouvrit*, mstari wa nne atarudi *a ouvert* bila kujua, na hadithi itakuwa na sauti mbili. Pia *il vint* na *elle tint* hazikisiki, lazima uwe umezisoma.

Mrundi_wa_Buja:
Hata hivyo asizoee kuziogopa. Fumbo linataka sauti ya mtu anayesimulia usiku.

Mama_Zuwena_Lyon:
Nimechelewa kuuona uzi. Nakaa Ufaransa, niongeze jambo la huku. Majengo ya shule za msingi za serikali ni mali ya komuni, na vijijini mara nyingi shule na *mairie*, yaani ofisi ya komuni, ziko ukuta kwa ukuta. Msomaji wa huku atauliza mara moja, mbona Madame Rose hakwenda hapo jirani kuomba *le double*? Kama ni ufunguo wa mlango mkubwa, fumbo lingeisha kwa hatua kumi. Kwa kuwa wako ni wa kabati, unaweza kupona, ila ningeweka sentensi moja kwamba nakala haikuwepo.

Neema_Moro:
Asanteni sana wote. Mama Zuwena, hilo sikuliwaza kabisa. Nitaandika *Il n'y avait pas de double*, na nimelijaribu kwa *-ka-*, linakataa, kwa hiyo *avait* ndiyo yenyewe, sivyo?

Nimeandika upya jioni hii:

*Ce mardi matin-là, quand Madame Rose est arrivée à l'école, il faisait froid et la cour était vide. Dans la classe, les chaises étaient sur les tables et une blouse grise pendait près du tableau. Elle a levé la main vers le clou, juste au-dessus. La clé avait disparu. Il n'y avait pas de double. La veille au soir, quand Julien était parti, elle avait déjà fermé l'armoire.*

Bi_Salma_Tanga:
Ndiyo yenyewe. Na umefanya vizuri kuandika *était parti*, maana naye ameondoka jana yake. Kitu kimoja tu, *juste au-dessus* inaweka msumari juu ya koti waziwazi. Mimi ningeiacha, ni haki ya msomaji. Mwingine angeiondoa.

Jumanne_K:
Iache. Mimi nimelipita koti lile bila kuliona, na mwisho wa hadithi naujua.

Mrundi_wa_Buja:
*Elle leva la main vers le clou.* Ijaribu tu kwa sauti, dada.