Tupeane uzoefu: majina ya biashara yanayosomwa Kiswahili na Kiingereza bila kuleta aibu

Mshono

Wakuu, uzi huu ni wa majina ya biashara yatakayosomwa na watu wa lugha zote mbili. Tusisimuliane maisha. Leta jina, onyesha linakwama wapi, useme linarekebishwaje. Naanza na kosa linalowaponyoka wengi kwa sababu halimo ndani ya neno lolote. Limo kwenye mshono wa maneno mawili.

Kwenye bango jina huandikwa likiwa na nafasi katikati. Kwenye anwani ya tovuti nafasi hiyo haipo, herufi zote ni ndogo, na mwisho wa neno la kwanza unashikana na mwanzo wa neno la pili. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, na matusi yetu mengi ni ya silabi mbili tu. Silabi ya mwisho ikikutana na silabi ya kwanza, tusi linaweza kujitunga lenyewe.

Tazama majina haya matatu, ambayo kila moja peke yake halina kosa: `Mama Vitenge`, `Soma Vitabu`, `Urembo Organics`. Yaunganishe:

```
mamavitenge
somavitabu
uremboorganics
```

Mawili ya kwanza, soma kuanzia herufi ya tatu: mavi. La tatu, soma kuanzia herufi ya nne, utakutana na tusi la uume. Hili la tatu ni baya zaidi kwa sababu hata likitamkwa, o mbili zinaungana na sikio linalipata. Neno lolote linaloishia na -mbo (mambo, pambo, wimbo, urembo) lisifuatwe na neno linaloanza na o. `Mambo Online` nayo imo humo humo.

Ukaguzi wake ni wa dakika moja. Andika herufi tatu za mwisho za neno la kwanza na tatu za mwanzo za neno la pili, pamoja, kwenye karatasi tupu. Mpe mtu asiyejua jina lenyewe asome kwa sauti. Ukimwonyesha jina zima hataona kitu, maana jicho linakimbilia maana uliyokusudia.

Dada wa Vifaranga

Asante sana kwa hili. Mimi nauza kuku wa nyama na mayai, na jina nililochagua ni `Kuku Mart`. Ni fupi na Mzungu yeyote anaelewa nusu yake. Mifuko bado haijachapishwa. Nimefanya huo ukaguzi wa herufi sita nikapata `ukumar`. Nimeshtuka, lakini labda ni mimi tu ninayeliona?

Mzee Lafudhi

Dada yangu, si wewe peke yako. Na katika jina hili jicho ndilo tatizo dogo. Tatizo kubwa ni sikio.

Msemaji wa Kiswahili hamalizi neno kwa konsonanti mbili. Ile Mart ataiita "mati". Jina lote linakuwa "kukumati", silabi nne kama neno moja. Sasa mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: ku-ku-MA-ti. Sauti inapanda pale pale kwenye "ma", na nyuma yake kuna "ku". Yaani silabi unayoipa nguvu ndiyo inayolikamilisha tusi. Kama mkazo ungekaa kwingine, wengi wasingelisikia. Watoto watalisikia siku ya kwanza, na wakishalisikia halifutiki.

Upande wa Kiingereza kuna jambo lingine. Kuku, akitamka Mwingereza, ni sawasawa na jina la yule ndege anayetaga kwenye viota vya wenzake, na katika maongezi neno hilo huitwa pia mtu aliyerukwa na akili. Halina aibu ya tusi, ila linachekesha mahali usipotaka kicheko. Kama wateja wako Waingereza wamezoea kuishi na Waswahili, wanajua kuku ni kuku na jambo hili halina uzito. Kama unauza kwa watu wasiojua Kiswahili kabisa, lina uzito.

Kalamu Nyekundu

Mbona dawa yake ni rahisi? Andika `KukuMart`, K kubwa na M kubwa. Jicho linaona maneno mawili, hadithi imekwisha.

Mshono

Kwa bango, nembo na alama ya reli uko sahihi, na ni vizuri kufanya hivyo hata kwa jina lisilo na kosa. Lakini anwani ya tovuti haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Mtu akiandika `KukuMart`, kivinjari kitaionyesha `kukumart`. Mteja akikuandikia barua pepe, ataandika kwa herufi ndogo kwa sababu ndiyo njia fupi. Na kwa sikio, ambako Mzee Lafudhi ameonyesha ndiko kwenye shida, herufi kubwa haina sauti.

Wengine huweka kistari, `kuku-mart`. Anwani inakubali kistari na jicho linasaidika. Shida inakuja kwenye simu: "kuku, halafu kistari, halafu mart". Nusu ya watu watakisahau, na barua zitakwenda kwa mwenye anwani isiyo na kistari.

Mdau wa Mjini

Naona mnazunguka. Jibu ni kutafsiri. Sajili majina mawili, moja la Kiswahili kwa Waswahili, moja la Kiingereza kwa wageni.

Mshono

Mkuu, hilo ni swali lingine, na wapo wanaolifanya. Hapa tunatafuta jina moja litakaloandikwa mara moja kwenye mfuko mmoja.

Dada wa Vifaranga

Basi nikigeuza, `Mart Kuku`?

Mzee Lafudhi

Mshono umepona: `martkuku` haina kitu ndani. Lakini umeleta kasoro nyingine. Kwa Kiingereza kinachoeleza hutangulia kinachoelezwa, kwa Kiswahili hufuata. Neno la Kiingereza likitangulia kwa mpangilio wa Kiswahili, msomaji wa Kiingereza anadhani Kuku ni jina la mwenye duka, na msomaji wa Kiswahili anasubiri "ya" katikati. Halijaharibika, ila halijakaa.

Jaribu neno la pili lisiloanza na "ma" wala "nya". Hilo la mwisho nalisema kwa sababu najua utafikia `Kuku Nyama`, nalo likiungana linatoa kitenzi cha kwenda haja kubwa. `Kuku Bora` inapita mshono: `kukubora`. Kiingereza wataisoma bila kukwama.

Bi Matamshi

Niongezee upande ambao haujaguswa: maneno yanayoandikwa sawa lakini yanasomwa tofauti. Kiingereza kina e ya mwisho isiyotamkwa. Kiswahili hakina herufi bubu. Hivyo huduma ya kuwasaidia wanafunzi ikiitwa `Study Mate`, kwa Kiingereza ni mwenzako wa masomo, na kwa jicho la Kiswahili kuna mate, yale ya mdomoni. Kwa huduma ya masomo watu watavumilia. Kwa chakula au vyombo vya kulia, usithubutu.

Kinyume chake pia hutokea. `Vile` kwetu ni neno la kawaida kabisa, na mtu anaweza kulipenda kwa duka la nguo: "vile upendavyo". Kwa Kiingereza herufi hizo hizo nne ni sifa ya kitu cha kuchukiza. Hapa hakuna mchezo wa mshono wala mkazo utakaokuokoa. Neno lolote la Kiswahili la herufi nne linaloishia na e, litafute kwanza kwenye kamusi ya Kiingereza.

Na yapo yanayogongana kwa sauti tu. `Poa` kwa huduma ya fedha ni hatari, kwa sababu matamshi ya Uingereza ya neno la "maskini" yanakaribiana nalo mno. `Bomba` tunaisifia kitu kizuri, lakini kwa msikilizaji wa Kiingereza ni mtega mabomu, kwa hiyo lisiwe jina la kampuni ya safari. `Fani` ni neno zuri kwa wabunifu, ila linasikika kama neno la Kiingereza ambalo Uingereza ni tusi la sehemu za siri za mwanamke, na Marekani ni makalio.

Kalamu Nyekundu

Kwa mtindo huu hakuna jina litakalobaki. Hata ule urembo mnaweza kuubadilisha uwe `Urembo Asili`, halafu atokee mtu aseme "asili" kwa Kiingereza inasikika kama "mpumbavu".

Bi Matamshi

Inasikika hivyo kweli, kaka, na mkazo unaangukia silabi ile ile, "si". Mimi ningeliacha hilo jina.

Mzee Lafudhi

Mimi ningelichukua. Neno lao lile ni jepesi, ni la utani, si tusi, na mtu huliona jina limeandikwa kabla ya kulisikia. Tofautisha kinachokera na kinachofanana tu. Jina la kutupwa bila mjadala ni lile ambalo mama hawezi kulitaja mbele ya mkwewe. Mengine pima kwa bidhaa na kwa mnunuzi.

Bi Matamshi

Kwa vipodozi, ambako mnunuzi anataka kujiona mrembo, neno linalofanana na "mpumbavu" si jepesi. Hapo hatutakubaliana.

Mshono

Dada wa Vifaranga, kabla ya kuchapisha fanya jaribio la simu. Tafuta watu kumi, watano wanaozungumza Kiswahili nyumbani na watano wanaotumia Kiingereza. Mpigie kila mmoja, taja jina mara moja tu kwa mwendo wa kawaida, usirudie, kisha mwombe akutumie kwa maandishi alichosikia. Usimwulize kama analipenda, maana atakujibu kwa adabu. Angalia mambo mawili: wangapi wameandika tofauti na unavyoandika wewe, na nani amesita au amecheka kabla ya kuandika. Wakikosea watatu au zaidi kwa namna ile ile, badilisha tahajia ifuate kosa lao, au tafuta jina jingine. Akicheka hata mmoja, muulize amesikia nini.

Dada wa Vifaranga

Nitawapigia kesho. `Kuku Bora` naiona ya kawaida mno, hivyo nimeongeza `Tetea`, kwa maana ya kuku jike. Herufi tano, haina mshono kabisa.

Mzee Lafudhi

Haina mshono, kweli. Ila wengi watasikia kwanza kitenzi, kutetea mtu, na wataulizia wakili. Wanaofuga wataelewa mara moja.

Bi Matamshi

Na jicho la Kiingereza litaona chai pale mwishoni, herufi tatu za mwisho. Weka picha ya kuku ubavuni mwa jina kwenye mfuko, kisha uwapigie wale kumi ukiwa na majina yote mawili. Watano watajie `Tetea` kwanza, watano `Kuku Bora` kwanza, maana jina la pili hupata usikivu mdogo.