Bajeti ya kampeni au bajeti ya kila seti? Dar inakula hela yote

mchele_wa_kyela: Habari za jioni wakuu. Nauza mchele wa Kyela, niko Mbeya mjini. Kesho nataka kuongeza hela kwenye matangazo ya Facebook, sasa sijui niiache bajeti juu kwenye kampeni au nigawe kila seti ya matangazo iwe na yake. Ipi nzuri?

fundi_matangazo_ir: Kamwene dada. Hujasema kitu hapo. Una seti ngapi, sehemu gani, shilingi ngapi kwa siku, unatafuta meseji au nini? Na jana imegawanyikaje?

baba_Nuru: Bajeti ya kampeni, usipoteze muda. Mfumo unahitaji matokeo kama 50 kwa wiki ndo utulie, ukigawa hela hazifiki. Ukiweka juu kampeni nzima inahesabu pamoja.

fundi_matangazo_ir: Kaka, 50 ni kweli ila inahesabiwa kwa kila seti, sio kampeni nzima. Kampeni ikiinyima seti ndogo hela, seti hiyo inabaki imeandikwa Learning limited vilevile. Dawa yake ni kupunguza seti, kuhamishia bajeti kwenye kampeni hakusaidii hapo.

mchele_wa_kyela: Samahani jamani. Seti tatu: Dar, Mbeya na Iringa. 30,000 kwa siku, iko kwenye kampeni, natafuta meseji za WhatsApp. Jana Dar imekula 26,000 ikaleta meseji 20, Mbeya 2,500 meseji 3, Iringa 1,500 meseji 3. Yaani Iringa meseji ni 500 na Dar ni 1,300, halafu hela inapelekwa Dar! Naona kabisa naibiwa.

miche_njombe: Hapo ndo nilipoumia mimi mwaka jana. Nauza miche ya parachichi, nilikuwa na Dodoma, Songea na Njombe kwenye kampeni moja, Njombe ikawa inaleta meseji kwa 600 ila inapewa vijisenti tu, nikakasirika nikahamisha bajeti kwenye seti, Njombe nikaipa 10,000 kwa siku nikasema sasa nitavuna. Siku mbili za kwanza safi. Siku ya nne bei ikaanza kupanda, mpaka wiki inaisha wastani umefika 1,900, naangalia naona mtu yuleyule kaliona tangazo mara nne, na waliobaki kuandika ni wale wa kuuliza bei na kupotea. Nilisikitika sana maana ile hela ilikuwa ya viriba.

fundi_matangazo_ir: Pole sana mzee, na ndio jibu la dada hilo. Ile 500 ni wastani wa meseji zilizokwishapatikana, za watu watatu waliokuwa karibu kununua. Mfumo hauangalii wastani, unaangalia meseji ijayo itagharimu ngapi. Iringa watu wachache, wa nne anaweza kuwa 1,500. Dar watu wengi, wa 21 bado ni kwenye 1,300 hivi. Hela inakwenda pale ambapo meseji inayofuata ni rahisi, kwa hiyo ripoti ya seti moja moja inadanganya macho. Hesabu jumla: 30,000 kwa meseji 26, ni kama 1,150. Ukigawa 10,000 kila mahali, linganisha na hiyo 1,150 baada ya siku saba, sio siku mbili.

mchele_wa_kyela: Nimeelewa. Ila Dar situmi chini ya kilo 50 na wengi wanataka kilo 10. Iringa na hapa napeleka hata kilo 5.

fundi_matangazo_ir: Sasa hilo ndo ulitakiwa uanze nalo! Mfumo unahesabu meseji, haujui nani amelipa. Meseji ya Dar na ya Iringa kwako hazina thamani moja, kwa hiyo usiziweke kwenye mfuko mmoja. Dar ipe kampeni yake, Mbeya na Iringa ziunganishe seti moja.

baba_Nuru: Au aache kampeni ileile aweke kiwango cha chini kwa Iringa na cha juu kwa Dar, sehemu ipo ndani ya seti.

fundi_matangazo_ir: Inawezekana kaka, ila ukibana seti zote tatu umerudi kwenye bajeti ya seti kwa mlango wa nyuma. Mimi ningebana Dar peke yake.

neema_vitenge: Mimi huwa nabonyeza kile kitufe cha kubusti posti, hiyo ni kampeni au seti?

miche_njombe: Dada, kubusti ni bajeti moja na walengwa wamoja, mjadala huu haukuhusu bado.

kijana_wa_Soweto: Mama Mchele nenda TikTok, Facebook wamebaki wazee.

baba_Nuru: TikTok kwenye Ads Manager bajeti ya siku ya kampeni haishuki dola 50, na kila kundi la tangazo dola 20. Kwa 30,000 hata haimruhusu.

mchele_wa_kyela: Nimeitoa Dar sasa hivi, nimeiwekea kampeni yake 12,000, na tangazo limeandikwa kuanzia kilo 50. Nauliza kingine, mnaotuma mzigo Dar kwa basi kilo 50 mnalipa ngapi? Kuna basi walinichania gunia.

miche_njombe: Weka gunia mbili dada, ya ndani nailoni. Mimi miche nasimamia mwenyewe mpaka ipakiwe.