Mrejesho: Ratiba yetu ya Kemia wakati wa mgomo wa walimu Kenya, 2015

Niliuliza: "Tutajifunzaje Kemia ya kidato cha tatu bila mwalimu?"

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Tulifuata ushauri wenu: kila mmoja wetu alifundisha mada moja, kisha tukajibu maswali ya mitihani iliyopita na kubadilishana karatasi ili tusahihishane kwa mwongozo. Hapo ndipo tulipogundua kwamba sote tulikosea hesabu za moli kwa namna ileile, kwa kuwa aliyetufundisha alisahau kugawa sentimita za ujazo kwa 1000 kabla ya kuzidisha kwa molariti. Saa sita za kusoma kila siku zilitushinda. Tatu za asubuhi ndizo tulizozidumisha. Majaribio ya kupima asidi kwa besi hayakuwezekana bila maabara, nayo tuliyaanza shule zilipofunguliwa Oktoba.