MJADALA: Afisa kazi na daftari la mahudhurio, Mafinga

Mpasua Mbao: Je, afisa kazi akifika kiwandani bila kutoa taarifa, mwajiri anaweza kumzuia getini? Na mimi mfanyakazi nimweleze nini hasa?

Mzee wa Uyole: Lazima aje na barua ya Kamishna wa Kazi. Tena ninyi wa mbao wengi ni vibarua tu, hamna mkataba wa kukaguliwa.

Binti Mufindi: Mzee, neno hilo "tu" limeniuma. Nimechuma chai miaka mitatu, kila asubuhi nikiitwa kibarua, na mkono wangu ndio uliojaza kikapu.

Mhasibu wa Makambako: Binti ana haki ya kukasirika. Mwajiri akishindwa kuonyesha maandishi ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo humwangukia yeye katika shauri, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kuhusu barua, Mzee, hapana. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inamruhusu afisa kuingia mahali pa kazi kwa wakati unaofaa bila taarifa, kukagua na kunakili kumbukumbu, na kumhoji mfanyakazi akiwa peke yake. Muombeni kitambulisho, basi.

Ndugu Mpasua Mbao, usimwambie "tunanyonywa", kwa kuwa neno hilo halimwonyeshi pa kuanzia. Mwambie kwamba daftari la msimamizi linaandika kuingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja usiku, siku sita kwa wiki, ilhali karatasi ya mishahara inaonyesha saa nane kwa siku. Ukitoa saa moja ya chakula, zinabaki saa 66 kwa wiki. Kawaida ya sheria ni 45, kwa hiyo 21 ni za ziada, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Kwa wiki nne zinafika 84, wakati kikomo ni 50. Afisa akiweka daftari hilo na karatasi hiyo kando kwa kando, tofauti inajisemea yenyewe. Mtajie na tarehe, kwa sababu daftari la msimamizi huwa la kwanza kupotea.

Mpasua Mbao: Sisi tuko tisa. Akija kesho, bosi atajua ni mimi.

Mhasibu wa Makambako: Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi yetu imeuridhia, unamtaka mkaguzi aifanye siri asili ya malalamiko, na asimdokeze mwajiri kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Ukiachishwa kazi kwa kutoa taarifa ambayo sheria inakuruhusu kuitoa, sababu hiyo si halali, nawe una siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mzee wa Uyole: Kuhusu barua nimekubali. Lakini katika watu tisa siri haikai. Afisa awahoji wote, mmoja mmoja, hata wasio na neno.

Binti Mufindi: Na daftari likiwa limefungiwa nyumbani kwa bosi?