Majirani wa Maweni: nani amzike Bwana Salim?

08:41 Athumani: Jamani, Bwana Salim wa nyuma ya msikiti alifariki jana magharibi hospitalini. Innalillahi. Tulipanga kuzika leo kabla ya sala ya Ijumaa, lakini ndugu zake wa Ganze washafika na wasema watamzika kwao. Kibali cha kuzika wanacho wao. Mjane analia tu. Sasa mwenye kibali ndiye mwenye maiti, si ndivyo?

08:46 Bi Zuhura: Sivyo, Athumani. Kibali ni ruhusa ya kumzika mtu ambaye kifo chake kimeandikishwa. Hupewa aliyekwenda kuandikisha, na mara nyingi ni yule aliyetangulia kufika na kitambulisho cha marehemu. Hakisemi nani ana haki. Hatari yake ni kwamba pale mochari hawaulizi mengi: ukileta kibali, kitambulisho chako na risiti ya malipo, wanakutolea mwili. Basi mtu atoke sasa hivi na barua ya mjane, nakala mbili, isemayo kuna mzozo na yeye anapinga maiti kutolewa. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua haina nguvu ya amri ya mahakama, lakini msimamizi akishaipokea huwa anaogopa kutoa maiti kimyakimya.

08:49 Shee: Twendeni kwa kadhi atoe amri, yaishe. Marehemu ni Mwislamu.

08:53 Bi Zuhura: Hapo umepata nusu, Shee. Katiba, kifungu cha 170, inampa kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Ndugu zake si Waislamu. Amri yoyote dhidi yao itapingwa siku hiyo hiyo, na saa zitakuwa zimekwenda. Kwa kadhi tunataka kitu kimoja tu: nakala ya ndoa kutoka kwenye daftari lake. Kesi yenyewe ni ya mahakama ya hakimu.

09:02 Mzee Kahindi: Naomba na mimi nisikizwe, maana wale ni watu wangu. Kwetu mtu hazikwi na mkewe peke yake, huzikwa na ukoo, na kaburi lake liko bomani kwa babake. Hata mahakama ilisema hivyo kwa SM Otieno. Mke alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga mwaka 1987.

09:11 Bi Zuhura: Ni kweli, Mzee wangu, na mawakili wa ndugu wataanzia hapo. Mahakama ya Rufaa ilisema SM Otieno alizaliwa Mjaluo na mila ya Wajaluo ndiyo iliyotawala maziko yake, haidhuru aliishi vipi mjini. Lakini tangu hapo mahakama hazijasimama pale pale. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ilisema anayetangulia katika jukumu la kuzika ni aliye karibu zaidi na marehemu kisheria, na kwa kawaida ukaribu huo huanzia kwenye ndoa. Siku hizi hakimu hupima: ndoa ipo na inathibitika? Walikuwa wakiishi pamoja hadi kifo? Nani alimuuguza? Marehemu mwenyewe alitaka nini? Matakwa yake hayamfungi hakimu, kwa sababu maiti si mali ya mtu ya kuusia, lakini hufuatwa inapowezekana. Mke aliyetengana na mumewe miaka mingi huweza kushindwa na ndugu hata kama cheti anacho.

09:14 Mama Swaleh: Na ile nyumba? Mana naona ndugu wataka kuzika ili wachukue nyumba. Mke apata thumni au robo?

09:18 Bi Zuhura: Mama Swaleh, hiyo ni mirathi, ina mahali pake na wakati wake. Atakayezika hapati nyumba kwa kuzika, na asiyezika hapotezi fungu lake. Tafadhali neno nyumba lisiingie kwenye kiapo cha mjane. Hakimu akinusa mali, anaanza kuona pande zote mbili zinagombania kitu kingine.

09:23 Athumani: Cheti cha ndoa nimekiona mkononi mwake. Kimeandikwa Salim. Kitambulisho na karatasi za hospitali zaandika Karisa. Ndugu wasema huyo Salim hawamjui.

09:31 Bi Zuhura: Hapo ndipo kesi kama hizi hukwama. Aliyesilimu akabadili jina msikitini bila kubadilisha kitambulisho, akifa anakuwa watu wawili kwenye makaratasi. Angalia kwenye cheti kama namba ya kitambulisho ilijazwa. Ikiwa ipo, na ni ile ile iliyo kwenye karatasi za hospitali, mambo yamepungua nusu. Ikiwa nafasi ni tupu, tunahitaji viapo: mashahidi wawili wa nikaha na imamu aliyemsilimisha, kila mmoja aseme Karisa na Salim ni mtu mmoja na amemjua tangu lini. Cheti cha kusilimu kiambatanishwe. Pia watu wa safu yake msikitini, kwa sababu ndugu watasema alisilimu ili aoe tu, kisha akarudi kanisani.

09:34 Shee: Na wakimchukua kabla hayo yote?

09:42 Bi Zuhura: Ndiyo maana wakili aingize leo, si Jumatatu. Anaweka madai, maombi ya zuio, hati ya dharura na kiapo cha mjane. Kiapo kiseme wazi mwili uko mochari gani, nani ana kibali, na wamepanga kuuondoa lini. Bila siku na saa, hakimu haoni dharura iko wapi. Akiridhika hutoa zuio la muda bila kusikiza upande wa pili, kisha huwaita wote baada ya siku chache. Na amri ikiwa kwenye faili haizuii gari. Lazima nakala yenye muhuri ifike mochari na kwa ndugu, na anayepeleka aandike saa aliyoikabidhi. Wakizika kabla ya amri kufika, itabidi kuomba kufukua, na mahakama hazipendi kabisa kumsumbua aliyekwisha lala.

09:50 Shekhe Badi: Assalaamu alaykum. Naongeza la dini. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kumhamisha maiti mji mwingine kabla ya kuzikwa kumekatazwa, isipokuwa aliye karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis. Mjane anaruhusiwa kumuosha mumewe. Na ndugu zake tusiwafukuze: waje, waone uso, wasimame kaburini.

09:57 Mzee Kahindi: Shekhe, hilo la kuona uso ni kubwa kuliko mnavyodhani. Wakija wakamwona, wengine watalegea. Na hanga, yaani matanga yetu, laweza kukaa Ganze bila mwili. Hata kigango, ule mti wa kuchongwa wa kumkumbuka marehemu, hakisimamishwi juu ya kaburi, husimamishwa bomani. Naweza kuwaambia hivyo.

10:01 Shekhe Badi: Hanga la kumlilia sina neno. La kigango siwezi kulikubali, marehemu alikuwa Mwislamu.

10:03 Mzee Kahindi: Hilo ni lao na boma lao, Shekhe.

10:09 Bi Zuhura: La kigango hakuna hakimu atakayewaamulia, na leo tusilimalize. Mzee Kahindi, tafadhali kaa nao. Mkikubaliana azikwe hapa na wao wahudhurie, liandikwe, litiwe saini na mjane na ndugu mkubwa, kisha liwekwe mahakamani liwe amri. Neno la mdomo mlangoni mwa mochari hubadilika gari likifika. Na kila siku ya kukaa inahesabiwa malipo. Mara nyingi mahakama huacha kila upande ubebe gharama zake za kesi, lakini deni la mochari ni la atakayeuchukua mwili, basi nalo liandikwe nani analipa.

10:26 Athumani: Barua imepokelewa mochari, muhuri ninao. Kwenye cheti namba ya kitambulisho ipo, nimeilinganisha tarakimu kwa tarakimu, ni ile ile. Nampeleka mjane kwa wakili.

10:31 Mzee Kahindi: Ndugu mkubwa amekubali kuja kwa Shekhe baada ya Ijumaa. Mdogo amekataa, na kibali kiko mfukoni mwake.

10:32 Bi Zuhura: Basi wakili aendelee na zuio hivyo hivyo, mkiwa mnazungumza.