Mtungi mtupu na mtungi uliojaa: mbona kwenye Blender yote miwili inaelea? Naomba ushauri

Mchoraji_Langoni
Assalam aleikum wadau. Niko Lamu, natengeneza katuni fupi ya punda wa kubeba maji. Kuna pahali mitungi miwili ya lita 20 inamteleza mgongoni na kuanguka sakafuni, kama mita 1.2. Mmoja umejaa, mwingine mtupu. Ni modeli moja, rangi moja, kwa hivyo mtazamaji atajua upi una maji kwa mwendo peke yake.

Nimeweka fremu kuu ya juu na ya chini, nikanakili kwa mtungi wa pili. Natumia fremu 24 kwa sekunde. Matokeo: yote miwili inashuka kama puto, na karibu na sakafu inapunguza mwendo kana kwamba inaogopa kuumia. Niguse wapi kwenye Graph Editor?

Nahodha_Junior
Rahisi hiyo. Kizito huanguka haraka. Mtupu mpe fremu 12, uliojaa mpe 6. Mimi hufanya hivyo na wateja hawalalamiki.

BiMwanaesha_Shela
Usijichoshe na Graph Editor kaka. Weka Rigid Body, huu Mass 20, ule Mass 1, bonyeza pleya, kompyuta ifanye kazi yake.

Fundi_Fremu (Malindi)
Mchoraji, hebu tuanze na huko kuogopa sakafu, maana ndiko mtungi unakoharibikia. Blender ukiweka fremu kuu mbili hukupa mstari unaoanza polepole na kumaliza polepole. Fungua mstari wa Z Location uutazame: pale chini umelala. Mstari kulala maana yake kitu kinasimama chenyewe kabla hakijagonga chochote. Kitu kinachoanguka hakifanyi hivyo, kasi yake kubwa kabisa huwa ni pale pale kinapogusa chini.

Sasa hesabu. Katika nusu sekunde kitu huanguka mita 1.23, kwa hivyo fremu 12 ulizopewa hapo juu ni sahihi. Lakini ni sahihi kwa mitungi YOTE miwili. Nahodha, samahani bwana, upande mmoja umepatia na mwingine umekosea: kwa urefu huu hewa haina nguvu ya kuuchelewesha hata ule mtupu ukaonekana kwa macho. Fremu 6 ni robo sekunde, na kwa muda huo kitu huanguka sentimita 31 tu. Ukilazimisha mita 1.2 ndani ya fremu 6, mtazamaji haoni uzito, anaona mtungi umetupwa kwa hasira.

Chukua karatasi, chora mstari wa wima, weka alama kila baada ya fremu 3. Nafasi ya kwanza sentimita 7.7, ya pili 23, ya tatu 38, ya nne 54. Yaani sehemu 1, 3, 5, 7. Halafu kwenye Blender nenda Object Properties, Motion Paths, bonyeza Calculate. Utaona nukta moja kwa kila fremu. Ulinganishe na karatasi yako. Nukta za chini zikiwa zimebanana, mtungi bado unaelea.

Kurekebisha: chagua fremu kuu ya juu, iliyo fremu ya 1, bonyeza T, chagua Quadratic. Kwisha. Ukitaka kwa mkono, bonyeza V uchague Free. Kishikio cha fremu kuu ya juu kiache kimelala hadi fremu ya 5. Cha chini, ile ya fremu 13, kipandishe kikae fremu ya 9 kwenye urefu wa 0.8. Wengi huchagua Vector hapo chini wakaridhika, lakini Vector huweka kishikio kwenye 0.4, na mtungi unafika chini ukiwa na kasi pungufu. Nilishaona mpaka kazi za televisheni zenye kasoro hiyo.

Mchoraji_Langoni
Mashallah, T na Quadratic imekubali papo hapo. Lakini sasa mitungi yangu ni pacha kabisa! Uzito uko wapi?

Fundi_Fremu (Malindi)
Uko baada ya fremu ya 13. Mtupu unadunda. Uupandishe sentimita 20: fremu 5 kwenda juu, 5 kushuka, kwa hivyo unagusa tena fremu ya 23. Mdundo wa pili uwe sentimita 5, jumla ya fremu 5. Angalia: urefu umekuwa robo, muda umekuwa nusu. Ukipunguza urefu ukasahau kupunguza muda, mdundo mdogo utaonekana uko mwezini. Kila unapogusa sakafu mstari uwe na ncha kali, kila unapofika kileleni uwe mviringo. Na usiuache wima, utue kwa pembe, ubingirike kidogo.

Uliojaa usiupe zaidi ya sentimita 2, fremu 3 kwenda na kurudi, halafu kimya. Mbavu zake zifutuke fremu moja au mbili pale unapogonga, kisha zirudi. Vumbi litoke. Na punda usimsahau: mtungi mzito ukimtoka, mgongo wake lazima upande. Ule mtupu ukimtoka, asitikisike hata sikio.

Bi Mwanaesha, hata kwenye Rigid Body, Mass 20 na Mass 1 zitafika chini pamoja. Kinachotofautisha ni Bounciness, na lazima uiweke kwenye mtungi na kwenye sakafu pia, maana Blender huzizidisha. Sakafu ikibaki sifuri hakuna kitakachodunda.

BiMwanaesha_Shela
Kumbe! Ndiyo maana mipira yangu ilikuwa ikitua kama unga.

Tovuti_Malindi
Natumai si kuteka uzi. Mimi natengeneza tovuti ya nyumba ya wageni, nina kadi ya picha inayoshuka kutoka juu. Nimetumia `ease-in-out` na ina mwendo ule ule wa puto. Hapa hakuna Blender.

Fundi_Fremu (Malindi)
Mstari ni ule ule dada. Vile vishikio viwili vya mtungi ukiviandika kwa lugha yako:

```css
transition-timing-function: cubic-bezier(0.33, 0, 0.67, 0.33);
```

Lakini kadi ikifika chini kwa kasi hiyo bila kudunda itaonekana imegonga ukuta. Kwa tovuti ya wageni mimi ningetumia `ease-out`, itue taratibu. Kadi si jiwe.

Nahodha_Junior
Hesabu nimeikubali, lakini sijashawishika. Katuni si fizikia. Nimejaribu sasa hivi: uliojaa fremu 10, mtupu 12. Nikamwonyesha mdogo wangu bila kumwambia kitu, akaonyesha uliojaa bila kusita. Na sijaweka mdundo wowote.

Fundi_Fremu (Malindi)
Fremu 10 sitakugombeza, ni chumvi ya katuni na chumvi inaruhusiwa. 6 ndiyo niliyoikataa. Ila yakianguka kwa pamoja kwenye picha moja, jicho litaona kimoja kimetangulia na litashuku. Yakianguka kwa zamu unaweza kuiba.

Mchoraji_Langoni
Kwangu yanaanguka kwa pamoja, kwa hivyo nabaki na 12 kwa 12 na mdundo. Swali moja: mwenye katuni sasa anataka mtungi wa tatu, wenye maji nusu.

Fundi_Fremu (Malindi)
Huo ndio mgumu. Plastiki inasimama, maji bado yanakwenda. Upe mdundo mdogo, tuseme sentimita 5, halafu baada ya kutulia fremu kama 4 uinamie upande mmoja, urudi, kila mara kwa pembe ndogo zaidi. Hizo 4 nakisia kwa macho. Jaza mtungi nusu hapo nyumbani, uuangushe, urekodi kwa simu, uhesabu fremu mwenyewe.

Nahodha_Junior
Na uuangushe nje, sio sebuleni kwa mama.