Feni ya eisi inapuliza namba 4 tu, 1 hadi 3 kimya. Nimalizie kununua paneli?

Mbagala_Kuu
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri wa haraka, kesho asubuhi natakiwa kwa wauza spea wa Gerezani kumalizia hela ya watu.

Nina kigari cha Kijapani cha 2004, cc 1300, kile chenye swichi ya feni ya kuzungusha. Nikiweka 1, 2 au 3 hakuna kitu, kimya kabisa. Nikifika 4 inapuliza kwa nguvu zote. Baridi ipo, gesi ipo, tatizo ni hizo kasi za chini. Mtoto wangu ana pumu, ule upepo wa namba 4 hauvumilii, na bila eisi tunaoga jasho kwenye foleni.

Fundi amesema swichi imekufa na inauzwa pamoja na paneli yote. Swali langu ni moja tu: paneli ya mtumba inafaa, au nitakuwa nimetupa hela?

Babu_Asiyestaafu
Mwanangu, fungua vioo. Sisi tumeendesha Dar hadi Songea bila hayo mafeni na watoto wamekua. Na vijana mjifunze kutunza magari, hamyapeleki kwa fundi mpaka yazime kabisa.

Chuma_Chakavu
Achana na paneli. Hiyo ni rizista ya feni. Toa droo ya dashibodi upande wa abiria, utaona kidude chenye soketi kimefungwa kwa skrubu mbili kwenye njia ya upepo. Nunua kingine, rudishia. Robo saa umemaliza. Langu lilifanya hivyo hivyo.

Dada_wa_Tabata
Jamani na mimi nisaidieni hapo hapo. Langu ni la vitufe na kioo kinachoonyesha nyuzi. Linapuliza kasi ya mwisho muda wote, nikipunguza halisikii, hata nikizima bado linapuliza. Nalo ni rizista?

Fundi_Umeme_Moshi
Dada wa Tabata, lako si rizista. Magari ya vitufe mengi yana moduli yenye transista mgongoni mwa bamba la alumini, ndiyo inayobana na kuachia umeme wa mota. Transista ikiungua kwa ndani mara nyingi inabaki imefunguka moja kwa moja, kwa hiyo mota inakula umeme wote hata paneli ikisema punguza. Rizista ikikatika ni kinyume chake: kasi za chini zinakufa kabisa, ya juu inabaki. Ndiyo maana swali la kwanza huwa ni hili: ukiwa namba ya chini, feni imenyamaza au inapuliza kwa nguvu zote?

Kabla hujanunua moduli, pima ule waya mwembamba unaotoka kwenye paneli kuja kwake. Ukibonyeza kuongeza na kupunguza, volti zikabadilika, basi paneli inatoa amri na moduli haitii. Zisipobadilika, usinunue moduli bado. Na kama inapuliza hata ukitoa ufunguo, usiku chomoa fyuzi ya feni, la sivyo asubuhi utakuta betri tupu.

Mbagala Kuu, Chuma Chakavu ameotea mahali. Namba 4 haipiti kwenye rizista kabisa, inazunguka pembeni na kwenda moja kwa moja. Kwa kuwa 4 inafanya kazi, mota inaishi na fyuzi kubwa ni nzima. Swichi nayo inaweza kufa, lakini kupoteza namba tatu kwa mpigo huku ya nne ikiwa nzima ni nadra. Niambie: rizista imewahi kubadilishwa?

Mbagala_Kuu
Asante mkuu. Rizista fundi aliiangalia akasema haina shida. Ndiyo maana nauliza kuhusu paneli.

Fundi_Umeme_Moshi
Sikuuliza kama aliiangalia. Nimeuliza kama imewahi kubadilishwa.

Mbagala_Kuu
Ilibadilishwa mwaka jana, ndiyo. Na nyingine mwanzoni mwa mwaka huu. Hii ya sasa ilipokata, fundi hakununua tena, aliungia waya wa shaba pale kwenye kale kafyuzi kadogo kanakokufa, na ilifanya kazi vizuri tu wiki kadhaa. Sioni kosa lake. Kila rizista ni hela, na zote zilikuwa zinakufa pale pale. Fundi huyu nimemzoea, ananitengenezea hata kwa mkopo. Sasa zimekata tena ndiyo akasema safari hii ni swichi, na kianzio cha paneli nimeshatoa.

Mwanasheria_wa_Uzi
Mimi nasema hii ni chai. Wiki nzima kuna nyuzi za kuuza paneli za mtumba humu, na leo jamaa anatokea na kianzio Gerezani. Halafu hadithi haijipangi. Kama fyuzi ya joto imeungwa kwa waya, basi rizista ni nzima na kasi za chini zingefanya kazi. Iweje ziwe zimekata? Weka picha au funga uzi.

Babu_Asiyestaafu
Nami nilianza kushtuka. Vijana wa siku hizi wanatunga.

Mbagala_Kuu
Natunga ili iweje? Mtoto anakohoa ndani ya gari. Nitapiga picha.

Fundi_Umeme_Moshi
Mwanasheria, hoja yako ni nzuri, ila inaishia njiani. Kweli, ukiunga fyuzi kwa waya kasi zinarudi. Lakini joto lililokuwa linaua ile fyuzi halijaondoka. Limekosa pa kukatia, linatafuta sehemu dhaifu inayofuata, na mara nyingi hiyo ni soketi. Kasi zote za chini zinategemea pini moja inayoingia kwenye rizista. Pini ikilegea kwa joto, plastiki inageuka kahawia, mwisho haigusi tena, na 1 hadi 3 zinakufa pamoja. Mbagala, chomoa ile soketi uiangalie mdomoni, usiangalie rizista peke yake.

Mbagala_Kuu
Nimechomoa. Ilikuwa ngumu kutoka, imekuwa kama imeshikana. Tundu moja limeyeyuka pembeni, rangi ya kahawia iliyoiva. Waya wake ngozi imekauka inapasuka. Picha nimeweka, na karatasi yenye jina langu la humu pembeni. Harufu ya plastiki niliisikia siku chache kabla ya kukata, nilidhani ni magari ya mbele yangu.

Rizista yenyewe jirani ana mita, tumepima toka ile pini kuu: ya mbali inasoma omu 2.4, ya kati 1.1, ya karibu 0.4.

Mwanasheria_wa_Uzi
Picha nimeiona, karatasi nimeiona. Nafuta neno la chai. Ila paneli bado sijaelewa inaingiaje.

Fundi_Umeme_Moshi
Haiingii. Vipimo hivyo ni vya rizista inayopitisha umeme, na tundu lililoyeyuka linaeleza ukimya wa 1 hadi 3. Swichi haijashitakiwa na kitu chochote hapa.

Sasa tufike kwenye kinachoua. Rizista mbili na soketi moja haviwezi kufa kwa bahati mbaya. Ile rizista imewekwa kwenye njia ya upepo makusudi, kwa sababu inapashwa moto na umeme na kupozwa na upepo wa feni yenyewe. Mota ikiwa nzito, inavuta umeme mwingi na wakati huohuo inapuliza kidogo. Chukua mfano wa mota kukwama kabisa ukiwa namba 1: volti 12 na kitu zinakutana na 2.4 yako pamoja na mota isiyofika 1, zinapita kama ampea 4, na kwenye zile koili unapata wati 40 hivi bila upepo wowote. Hicho ni chuma cha kulehemu kimefichwa ndani ya dashibodi ya plastiki. Kafyuzi kadogo kapo kwa ajili ya siku hiyo. Waya wa shaba haukatiki siku hiyo. Usitumie feni hiyo mpaka waya utoke, hata kama kasi zitarudi.

Asubuhi ukiwasha, feni hailii kama panya? Na ukizungusha gurudumu lake kwa kidole likiwa limezimwa, linaendelea au linasimama hapo hapo?

Mbagala_Kuu
Inalia asubuhi, ndiyo, ikipata moto inanyamaza. Tumeishusha mota, skrubu tatu. Ukizungusha inasimama hapo hapo. Ndani kulikuwa na majani ya mwarobaini, mengi, naegesha chini ya mti. Filta ya hewa ya ndani imeziba kama mkeka.

Lakini wakuu, fundi alisema mota ni nzima kwa sababu namba 4 inapuliza vizuri.

Fundi_Umeme_Moshi
Namba 4 inaipa mota umeme wote, kwa hiyo hata mota mgonjwa inajikokota na kukuridhisha. Toa majani, weka filta, rudishia mota, kisha pima ampea ukiwa namba 4 injini ikiunguruma. Tafuta mita ya kubana inayosoma umeme wa betri. Nyingi za bei rahisi zinasoma umeme wa nyumbani tu, zitakuonyesha sifuri na utadanganyika. Mota nzima za vigari hivi mimi huwa nazikuta kwenye 12 hadi 17.

Mbagala_Kuu
Tumepata mita kwa fundi wa sola. Baada ya kusafisha inasoma 22, ikipata moto inashuka 20.

Chuma_Chakavu
Basi bushi imekauka. Dondoshea oili nyepesi kwenye shafti, itarudi. Kununua mota ni hasara.

Fundi_Umeme_Moshi
Itanyamaza, sikatai. Lakini oili ikirushwa inafika kwenye kaboni, inashikana na vumbi lake, na unarudi ulipokuwa. Kama shafti ina mchezo ukiitikisa kwa vidole, oili haisaidii chochote.

Chuma_Chakavu
Langu lina mwaka wa pili na oili.

Fundi_Umeme_Moshi
Sawa, kuna zinazodumu. Kwa mtu ambaye soketi yake imeshayeyuka, mimi siwezi kumshauri hivyo.

Mbagala, ukienda Gerezani tafuta vitatu. Mota ya mtumba uliyoizungusha kwa kidole ikaendelea yenyewe, na ukiomba wakuwekee kwenye betri upime ampea pale pale. Rizista yenye fyuzi yake ya asili, si ya kuungwa. Na soketi iliyokatwa na nyaya ndefu kutoka gari jingine, kwa sababu ukichomeka rizista mpya kwenye tundu lililoyeyuka itayeyuka nayo. Kata waya wako mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa ndipo uunge, kwa lehemu au kibano, si kusokota na kufunga selotepu.

Mbagala_Kuu
Na kianzio? Nimetoa elfu 60. Nikiacha paneli nimeipoteza. Nafikiria ninunue vyote, paneli nikae nayo kama akiba.

Mwanasheria_wa_Uzi
Muuzaji huyo huyo hana mota? Mwambie abadilishe bidhaa, kianzio kihamie huko. Ungempigia leo kabla hajakufungia paneli.

Dada_wa_Tabata
Mimi nimepima ule waya mwembamba, volti zinabadilika. Kwa hiyo ni moduli. Ila bamba la alumini nimelikuta lina kutu nyeupe na kapeti chini yake limelowa. Maji yanatoka wapi wakati hata eisi sijawasha?

Fundi_Umeme_Moshi
Mvua ikinyesha? Angalia mifereji chini ya kioo cha mbele kama haijaziba, na usifunge moduli mpya mpaka kapeti likauke. Fungua uzi wako, weka picha ya pale chini ya wipa.

Mbagala_Kuu
Nimempigia. Anasema mota anayo ila anataka niongeze, na kuipima kwenye betri atakubali nikifika. Waya wa shaba nimeutoa, feni nimeichomoa. Fundi wangu bado anasema ni swichi.